Mteja anadai nimemwibia yuniti za SMS, nimjibu nini?

Muuza_Yuniti (Arua)

Habari zenu. Nanunua SMS za jumla kwa kampuni moja ya Kampala kwa shilingi 30 na kuwauzia wafanyabiashara wa hapa kwa 45. Mteja wangu ana duka la dawa za mifugo. Ameandika ujumbe kwenye simu yake, akaunakili kwenye mfumo, akautuma kwa wafugaji 400. Zimekatwa yuniti 1,200. Yeye anahesabu 400, yaani 18,000, na salio lake limepungua 54,000. Anasema amehesabu herufi na hazifiki 160. Ujumbe wenyewe huu:

```
Dawa ya kupe na minyoo ya ng’ombe imefika dukani. Bei ya wiki hii imeshuka. Fika kabla ya Jumamosi saa kumi jioni. Ukifika taja ujumbe huu.
```

Tena baadhi ya wafugaji wamepata jina la mtumaji wasilolijua, wakadhani ni matapeli. Nimrudishie pesa?

Baba Shamimu

Kampuni yako inakuibia, mkubwa. Hama. Mimi natumia nyingine na sijawahi kukatwa mara tatu.

mama_kuku

Hata mimi nakatwa salio kila asubuhi kwa ujumbe wa mpira ambao sijauomba. Nifanyeje niuzime?

Fundi wa Masafa

Mama kuku, hiyo ni huduma ya kujiunga. Piga simu huduma kwa wateja wa mtandao wako wakuondoe. Hapa wanaongelea kitu kingine.

Muuza, hakuna aliyeiba. Angalia neno ng’ombe. Alama yake imepinda, simu imeiweka yenyewe, na haimo kwenye alfabeti ya kawaida ya SMS. Ikiingia moja tu, ujumbe wote unahamia kwenye alfabeti kubwa, na hapo nafasi si 160 tena bali 70. Ukizidi 70 unakatwa vipande vya herufi 67. Ujumbe huo una herufi 139 pamoja na nafasi. Vipande viwili vinabeba 134, kwa hiyo herufi tano zilizobaki zimekwenda kwenye kipande cha tatu. Watu 400 mara tatu ni hizo 1,200. Simu ya mfugaji inaviunganisha, ndiyo maana mteja wako akiangalia anaona ujumbe mmoja.

Badilisha iwe `ng'ombe` kwa alama iliyonyooka, utume kwenye namba yako kwanza. Itakatwa yuniti moja.

Baba Shamimu

Kumbe! Basi dawa ni kukataza emoji, yaishe.

Fundi wa Masafa

Emoji ni sehemu tu. Ujumbe huo hauna hata moja. Wateja wa Kampala wanaoandika Kiganda wananiletea ŋ, nayo inafanya vilevile. Nukuu zilizopinda kutoka kwenye kompyuta pia. Mifumo mingine huzinyoosha yenyewe, na huenda ya Baba Shamimu ni hiyo.

Nyakato K.

Kuhusu jina. Mimi nauza kwa shule, na huko ndiko malalamiko yanakotoka zaidi. Jina halizidi herufi 11. Kampuni yangu hudai barua ya mwenye biashara na cheti cha usajili cha URSB, kisha inaliombea kila mtandao peke yake. Likikubaliwa MTN haina maana limekubaliwa Airtel. Likichelewa upande mmoja, kampuni nyingine hutuma kwa jina lao la pamoja bila kukuambia. Chukua ripoti ya kufika, tenga namba za 077 na 078 na zile za 070 na 075. Kama waliolalamika wako upande mmoja, umeshajua.

Na wafugaji hawawezi kujibu jina. Mwambie aweke namba ya simu mwishoni. Nafasi ipo, atafika 155.

Muuza_Yuniti

Nimetenga. Wote waliolalamika ni 070 na 075. Pesa je? Nikimrudishia 36,000 nabaki na 18,000 zake, wakati mimi nimelipa 36,000 Kampala.

Nyakato K.

Mimi ningemrudishia yuniti, si pesa. Mia mbili hivi, zinakugharimu 6,000. Kuanzia sasa uza kwa yuniti, usiseme "ujumbe", na uandike hivyo kwenye risiti.

Fundi wa Masafa

Sikubaliani. Mfumo ulimwonyesha idadi ya vipande kabla hajabonyeza. Nyoosha jina, basi.

Muuza_Yuniti

Haukumwonyesha. Unaonyesha herufi tu, 139.

Nyakato K.

Basi hapo ana haki. Na hizo namba 400 alizipata wapi? Wakijiandikisha wenyewe dukani sawa. Kama amenunua orodha, sheria ya 2019 ya kulinda taarifa za watu inampa mfugaji haki ya kukataa matangazo, na atakayepigiwa simu za kwanza ni wewe.

Muuza_Yuniti

Nusu ni za daftari la dukani. Nusu nyingine namwuliza kesho.