Tupeane uzoefu: simu kwenye mikisa, ala zinalia lakini mwimbaji hasikiki

Mtambo Ngamiani
Wakuu, msimu wa harusi umeingia na kumbi za hapa Tanga zinarudia kosa lilelile. Maharusi wanaingia, simu iko kwenye mikisa, kinanda na mwangwi vinasikika, lakini mwimbaji hayupo na bezi imekuwa nyembamba. Lawama zinaenda kwa spika, au inasemwa wimbo umepakuliwa vibaya. Kabla ya hayo yote chomoeni waya, mhesabu pete nyeusi za plastiki kwenye pini. Pete mbili ni pini ya stirio ya kawaida. Pete tatu ni pini ya hedseti, ina njia ya nne ya maikrofoni. Aliyekutana na tatizo hili alete kisa, tuelezane na dawa yake.

Mama Kwaya Chumbageni
Ndiyo haya haya ya kanisani kwetu! Waya una pete tatu kila upande. Pini ikisukumwa mpaka mwisho, mwimbaji anapotea. Ikivutwa nje kidogo tu, anarudi. Mtu akigusa meza, anapotea tena. Kijana wa mitambo anakaa ameshikilia pini ibada nzima.

Baba Zai
Dada, washa mono kwenye simu. Ingia Mipangilio, kisha Ufikivu, tafuta sauti ya mono. Kushoto na kulia vinachanganywa, hakuna kitakachopotea.

Dogo wa Mikanjuni
Kweli kabisa, mono.

Mtambo Ngamiani
Baba Zai, mono inafaa kwa mengine, hapa haitafaa. Mwimbaji, bezi na ngoma kubwa hurekodiwa katikati, maana yake vimo sawasawa kushoto na kulia. Simu za siku hizi zimeweka ethi kwenye kipande cha tatu ukihesabu kutoka nchani, na maikrofoni kwenye kipande cha mwisho kilicho karibu na plastiki ya kushikia. Tundu la stirio la kawaida linatafuta ethi kwenye kile kipande cha mwisho. Mkisukuma pini ya pete tatu mpaka ndani, tundu linashika njia ya maikrofoni na kuiacha ethi.

Ethi ikikosekana, umeme wa kushoto hauna njia ya kurudi isipokuwa kupitia kulia, na wa kulia vivyo hivyo. Kinachobaki kwenye spika ni tofauti ya pande mbili. Vilivyo sawa pande zote vinafutana, ndiyo maana mwimbaji anakwenda na maji. Mwangwi na kinanda vinabaki kwa sababu havikurekodiwa sawa pande zote. Mama Kwaya, mkivuta pini kidogo, mguu wa ethi wa tundu unateleza hadi kipande cha tatu, ndipo mwimbaji anarudi.

Sasa tazama mono inafanya nini. Inafanya pande zote mbili kuwa sawa kabisa. Tofauti yake ni sifuri. Ukiwasha mono kwenye waya huo hata kinanda kitazima.

Baba Zai
Mbona kwangu mono imesaidia?

Mtambo Ngamiani
Huenda kwako ulikuwa umechomeka upande mmoja tu, ukawa unakosa ala za upande wa pili. Hilo mono inalitibu. Ila ihifadhi kama kipimo: washa mono wimbo ukiwa unapigwa. Sauti ikibaki, waya uko salama. Ikizimika au ikabaki kama mnong'ono, ujue mikisa inapokea tofauti tupu.

Bi Mkubwa wa Pangani
Waya wetu wa pete tatu ulifanya kazi miaka na miaka. Simu ilipobadilishwa tu, mwimbaji akapotea. Basi simu mpya ndiyo mbovu.

Mtambo Ngamiani
Simu ni nzima, mama. Simu nyingi za zamani, Nokia zikiwemo, zilipanga kinyume: maikrofoni kipande cha tatu, ethi kipande cha mwisho. Kwa mpangilio ule, waya wa pete tatu ulikuwa unakutana na tundu la stirio vizuri. Simu mpya zimegeuza hivyo vipande viwili. Waya ni uleule, ila umekutana na mpangilio mwingine.

Mpiga Kinanda Makorora
Mnaongelea pete tatu tu, na mimi napinga. Kuna ukumbi mmoja hapa mjini, waya una pete mbili kila upande, safi kabisa, na mwimbaji alipotea vilevile. Bibi harusi yuko mlangoni, wimbo aliouchagua mwenyewe unalia ala tupu. Mshereheshaji anapiga kelele ongeza sauti. Wakaongeza geini, taa nyekundu ya chaneli ikawaka mfululizo, kinanda kikaanza kukwaruza, mwimbaji bado hayupo. Wakabadilisha simu mara tatu. Bibi harusi akaingia kwa vigelegele vya shangazi zake. Hapo nieleze pete tatu ziko wapi?

Dogo wa Mikanjuni
Masikini! Halafu ikawaje?

Bi Mkubwa wa Pangani
Vigelegele vilimstahi. Endelea kaka.

Mtambo Ngamiani
Mkuu, kabla hujaendelea: pini ndogo waliichomeka wapi kwenye mikisa?

Mpiga Kinanda Makorora
Walivisha pini ndogo ya milimita 3.5 adapta moja ya kuifanya jeki kubwa ya milimita 6.35, wakachomeka chaneli ya 3, tundu lilelile la maikrofoni za waya.

Mtambo Ngamiani
Basi una haki, na nilikosea kuelekeza kila kitu kwenye pete tatu. Dalili ni moja, chanzo ni kingine. Tundu la chaneli kama hiyo limetengenezwa kwa waya wenye nakala mbili za sauti moja, ya pili ikiwa imegeuzwa. Mikisa inachukua ya kwanza, inatoa ya pili, na kelele zilizoingia njiani zinafutika. Wewe ukiipelekea stirio, inachukua kushoto na kutoa kulia. Mwimbaji aliye sawa pande zote anafutwa kama kelele. Geini haiwezi kumrudisha, inaongeza mabaki tu.

Mpiga Kinanda Makorora
Sawa, hapo tumeelewana. Walichofanya mwishowe ni hiki. Upande wa kulia wa ile mikisa kulikuwa na chaneli ya stirio, matundu mawili yameandikwa L/MONO na R. Ulitafutwa waya wa Y: upande mmoja pini ndogo ya pete mbili, upande mwingine jeki kubwa mbili zenye pete moja moja. Moja ikaingia L/MONO, nyingine R. Geini ikashushwa mpaka chini, simu ikapandishwa hadi karibu asilimia 80, kitelezi cha chaneli kikaja kwenye alama ya 0, kisha geini ikapandishwa taratibu mpaka taa nyekundu ikaanza kumeta kwenye sehemu kali za wimbo, ikarudishwa kidogo. Mwimbaji akatoka mzima, lakini keki ilishakatwa.

Mama Kwaya Chumbageni
Na sisi ambao chaneli ya stirio imekufa? Zimebaki za maikrofoni tu.

Mpiga Kinanda Makorora
Waya huohuo wa Y. Ingiza jeki mbili kwenye chaneli mbili tofauti, upande wa LINE. Vifundo vya PAN vyote viweke katikati kama spika zenu zinatoa sauti moja, geini zilingane. Mikisa yenyewe itachanganya.

Baba Zai
Au kata waya, sokota kushoto na kulia pamoja, peleka chaneli moja. Rahisi.

Mtambo Ngamiani
Usimsokotee mtu hivyo, Baba Zai. Ndani ya simu kuna vikuza sauti viwili. Ukiviunganisha moja kwa moja, kimoja kinasukuma na kingine kinavuta, sauti inakwaruza. Kama chaneli ni moja, weka rizista ya kiloomu 1 kwenye kila upande, kisha kutanisha miguu ya mbele ya rizista hizo kwenye ncha ya jeki kubwa ya pete moja. Ethi inakwenda moja kwa moja. Rizista mbili na lehemu kidogo, zinaingia ndani ya kifuniko cha jeki.

Baba Zai
Sawa fundi, rizista nakubali. Lakini wengi wanasokota na muziki unalia.

Fundi Barabara ya 12
Nitaje jambo ambalo hamjalitaja. Kuna waya za pini ndogo kwenda kwenye kile kichomeo cha duara cha maikrofoni chenye miguu mitatu. Kwanza nyingi zinapeleka stirio mahali pa mono, ugonjwa uleule wa mwimbaji kupotea. Pili, kitufe cha +48V kikiwa kimewashwa kwa ajili ya maikrofoni za kwaya, umeme huo unasukumwa kurudi kwenye simu. Zima, subiri dakika moja, ndipo uchomeke.

Dogo wa Mikanjuni
Mbona nimeona watu wanachomeka na +48V inawaka, simu haifi?

Fundi Barabara ya 12
Umeme huo unapita kwenye rizista za kiloomu 6.8 ndani ya mikisa, kwa hiyo unaofika ni miliampia chache. Nyingine inapona, nyingine inaharibika upande wa hedfoni. Kisanduku cha DI chenye transfoma kinauzuia kabisa, na kinaondoa ule mvumo wa chaja pia.

Mpiga Kinanda Makorora
Kwa mvumo mimi huchomoa chaja tu. DI ni gharama kwa ukumbi mdogo.

Fundi Barabara ya 12
Ukichomoa, simu ya asilimia 9 itafika mwisho wa sherehe?

Bi Mkubwa wa Pangani
Mimi nataka mahubiri yatoke kwenye mikisa yaingie kwenye simu, niwarushie walio mbali. Nitumie huo waya wa Y?

Mtambo Ngamiani
Hapana mama, hiyo ni safari ya kinyume, na hapo pini ya pete tatu ndiyo inayohitajika, kwa sababu sauti lazima iingie kwenye njia ya maikrofoni. Ila mikisa inatoa zaidi ya volti 1, na simu inasubiri milivolti chache tu. Bila kipunguza sauti kati yao, mahubiri yatakuwa mkwaruzo. Tuifungulie mada yake.

Mama Kwaya Chumbageni
Nimehesabu waya mwingine kabatini. Upande wa simu pete tatu, upande wa mikisa pete mbili. Huu nao nitupe?

Fundi Barabara ya 12
Usiutupe kabla ya kuupima. Weka multimita kwenye mlio. Ncha moja ya kipimo gusa kipande cha mwisho cha pini ya pete mbili, kile cha karibu na plastiki. Nyingine gusa vipande vya pini ya pete tatu kimoja kimoja. Ikilia kwenye kipande cha tatu kutoka nchani, waya ni mzuri kwa simu mpya. Ikilia kwenye cha mwisho peke yake, mwimbaji atapotea tena. Na futa pini kwanza kwa spiriti, chumvi ya hewa ya huku huweka ukungu wa kijani na kipimo kinadanganya.

Mama Kwaya Chumbageni
Imelia kwenye cha tatu na cha mwisho, vyote viwili.

Fundi Barabara ya 12
Hapo umeunganishwa makusudi ndani ya pini. Tumia huo Jumapili.