Tupeane uzoefu: stopu, kibao cha kupisha na mistari ya makutano. Wewe yalikukuta yapi?

Mama Wawili
Habari zenu wakuu. Juzi saa moja kasoro asubuhi nimeandikiwa 30,000 na mpaka sasa roho inaniuma. Natoka mtaani kwetu Tegeta, barabara ya ndani inaingia kwenye lami kubwa, na pale pana stopu, ile nyekundu ya pembe nane. Nikapunguza mpaka gari likawa linatambaa tu. Nikatazama kulia, kushoto, kulia tena, kweupe. Nikaachia breki nikaingia. Mbele kidogo trafiki ananipungia.

Nikamwambia afande, hakukuwa na gari hata moja. Akasema, "Mama, sijakuuliza kama kulikuwa na gari. Nakuuliza magurudumu yako yalisimama?" Nikakosa jibu. Akamalizia hivi: "Ingekuwa kile kibao cha pembetatu nisingekuita." Sasa miaka sita nina leseni na vibao hivyo viwili nilikuwa navichukulia ndugu. Nani mwingine ameshakutwa na la namna hii?

Konda Mstaafu
Pole dada. Stopu iko hivi: unasimama, unahesabu moja, mbili, tatu, kisha njia ni yako. Mimi ndivyo nilivyofundishwa na sijawahi kukamatwa. Ukishasimama sekunde tatu, anayekuja akuheshimu, maana wewe umeshatimiza sheria.

Mzee wa Klachi
Konda, nusu umepatia, nusu utagongwa. Nimefundisha udereva Morogoro zaidi ya miaka ishirini, na hizo sekunde tatu tunawapa wanafunzi ili wapate muda wa kugeuza shingo. Njia haiwi yako kwa kuhesabu. Stopu ina amri mbili ndani yake. Ya kwanza usimame kabisa, hata kama barabara ni nyeupe mpaka upeo wa macho. Ya pili umpishe kila aliye kwenye barabara unayoiingia. Ukimaliza ya kwanza, ya pili bado inakudai. Ukisimama dakika nzima halafu ukamwingilia mwenye lori, kosa ni lako.

Pembetatu iliyopinduliwa, ncha chini, ina amri moja tu: pisha. Ukifika ukaona hakuna wa kumpisha, unapita bila kusimama. Akiwepo, unasimama kwa sababu yake, si kwa sababu ya kibao.

Mistari nayo inasema yaleyale. Mstari mweupe mnene usiokatika, umekatiza upande wako wa barabara, ndiyo stopu. Mstari wa vipande vipande ni wa kupisha. Kinachoongezwa na mstari ni mahali penyewe, yaani bampa lako la mbele lisiuvuke kabla hujatimiza amri.

Mama Wawili, afande alikuwa sahihi. Gari likisimama kweli utalisikia: pua inainama, halafu mwili wa gari unarudi nyuma kidogo na kutulia. Kama hukusikia ule mrudi, ulikuwa bado unatembea.

Fundi Kashasha
Wakuu nami naomba msaada kwenye hii mada. Stopu yangu ya nyuma upande wa kushoto haiwaki nikikanyaga breki, ila usiku ile taa ndogo inawaka vizuri. Nimebadilisha balbu mara mbili. Shida itakuwa ni nini?

Konda Mstaafu
Hahaha Fundi, hapa tunaongelea kibao.

Mzee wa Klachi
Fundi, balbu ile ina nyuzi mbili. Angalia kikombe chake, mara nyingi kimeota kutu kwenye mguso mmoja. Kisafishe kwa msasa laini, na kama bado, fuatilia waya unaoleta umeme wa breki. Karibu tena kwenye mada.

Chalii wa Moshi
Mimi yangu ni kinyume cha ya Mama. Nilikuwa na leseni ya wiki mbili, gari la shemeji. Nafika kwenye pembetatu, barabara kubwa tupu kabisa, mimi nikapiga breki nikasimama pua chini. Nilidhani naonyesha adabu. Nyuma yangu kulikuwa na daladala, dereva wake ameshatazama kulia kama mimi, ameshaona kweupe, anajua mwenzake anapita. Akanivaa. Buti ikaingia ndani na konda akashuka ananiuliza, "We dogo, unampisha nani, jini?"

Trafiki alisema kosa la daladala, hakuacha nafasi. Shemeji mpaka leo anasema kosa langu. Sijui nimsikilize nani.

Konda Mstaafu
Shemeji yupo sawa.

Mzee wa Klachi
Wa nyuma ndiye mwenye mzigo wa kuacha nafasi, hilo afande alisema vizuri. Lakini Chalii, kwenye pembetatu kazi ya kutazama inaanza mapema, ungali mita thelathini au arobaini, gari likiwa linapungua. Ukifika kwenye mstari uwe umeshaamua. Anayeanza kutazama akiwa ameshafika hushtuka, na akishtuka hukanyaga breki.

Nyota ya Minesota
Huku Marekani nilipigwa na butwaa mwezi wa kwanza. Mtaani kwetu makutano yana stopu pande zote nne, hakuna barabara kubwa wala ndogo. Chini ya kila kibao kuna kikaratasi cha chuma kinachosema ni pande zote. Utaratibu wake ni kwamba aliyetangulia kusimama ndiye anatangulia kuondoka, na mkifika pamoja unampisha aliye kulia kwako. Mimi nimezoea nyumbani, mwenye barabara kubwa ndiye bwana. Nikakaa pale nasubiri wote waishe. Mzee mmoja akanipungia, wa pili akanipungia, wa tatu akapiga honi. Kila mmoja alikuwa ananingoja mimi.

Mama Wawili
Kumbe huko Konda angekuwa na haki yake ya sekunde tatu.

Konda Mstaafu
Nimesema mimi!

Semi ya Usiku
Madereva wa malori tunaijua stopu moja kuliko zote, ya reli. Miaka ya nyuma nilikuwa nabeba mahindi, njia ya vumbi inakatiza reli, vichaka vimefunga pande zote mbili. Mbele yangu pikapu imesimama, nami nyuma yake nimesimama. Pikapu ikavuka salama. Nami nikatia gia niifuate, kwa hesabu kwamba nilishasimama.

Tanboi wangu akanishika mkono. Akasema, "Bosi, wewe ulisimama nyuma ya pikapu, hukusimama kwenye reli." Nikamkasirikia, lakini nikakanyaga breki kwenye mstari, nikazima redio, nikashusha kioo. Kikapita kiberenge cha mafundi wa reli. Hakina kelele za treni, hakina moshi, kimetokea kichakani kama paka. Ningekuwa katikati.

Tangu siku ile, magari yakiwa kumi kwenye foleni, nikifika mimi kwenye mstari nasimama upya.

Mzee wa Klachi
Tanboi huyo alistahili leseni. Na wa lami pia washike hilo, stopu haisimamiwi kwa niaba. Kila gari lina zamu yake pale mstarini.

Kuna jambo moja nataka nilieleze taratibu, kwa sababu Mama Wawili amesema alitazama pande zote akaona kweupe, na ninamwamini. Swali ni je, palikuwa kweupe kweli?

Kila gari lina nguzo mbili zinazoshika kioo cha mbele. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia, nguzo ya upande wa abiria inakaa mshazari mbele yako kushoto. Ni nyembamba, lakini bodaboda ni nyembamba zaidi. Sasa chukua hivi. Wewe unaelekea makutano kwa mwendo wa 25 kwa saa, hiyo ni karibu mita 7 kila sekunde. Bodaboda anatoka kushoto kwako kwa mwendo uleule. Wewe ukiwa mita 14 kutoka mtakapokutana, naye yuko mita 14. Sekunde moja baadaye wewe mita 7, naye 7. Mnasogea wote, lakini kwa jicho lako yeye hasogei: yuko mshazari uleule, nyuma ya nguzo ileile, mpaka mnagusana. Umetazama kushoto mara mbili, na mara zote mbili umetazama nguzo.

Hapo ndipo stopu inapofanya kazi. Ukisimama, wewe umeganda na yeye anaendelea, kwa hiyo lazima atoke nyuma ya nguzo ndani ya sekunde moja au mbili. Anayetambaa bila kubadili mwendo anaweza kuendelea kumficha mwenzake. Ndiyo maana kibao cha pembe nane huwekwa sana pale penye ukuta, kona au kichaka, na pembetatu huwekwa pale unapoweza kuona ukiwa bado mbali.

Chalii wa Moshi
Sasa mzee, kwenye pembetatu ambako sisimami, nguzo inaniachaje?

Mzee wa Klachi
Badili mwendo unapokaribia, na usogeze kichwa. Inama mbele kuelekea usukani, kisha rudi. Watu watadhani unasikiliza muziki, waache.

Bint Pangani
Mimi naendesha bodaboda, na nguzo hizo nazijua kutoka upande wa pili, nikiona gari ambalo dereva wake hana uso. Nikiona kioo bila macho napunguza, hata kama njia ni yangu.

Jingine ni kwamba mimi natazama migongo ya vibao. Nikiwa kwenye barabara kubwa siwezi kusoma kibao cha anayetoka pembeni, lakini umbo naliona kwa nyuma. Pembe nane zina umbo lake, na hakuna kingine chenye ncha chini ila cha kupisha. Hapo najua jamaa ameambiwa nini, hata kama hatatii.

Shida ni kwamba mtaani kwetu vibao vinaibwa, vinauzwa chuma chakavu. Umebaki mti tu, na mstari umefutika. Hapo anayetangulia nani?

Konda Mstaafu
Mwenye gari kubwa.

Semi ya Usiku
Wa kulia kwako kwanza.

Chalii wa Moshi
Kulia si ni kwenye kipilefti tu? Mimi nilifundishwa anayetoka barabara ndogo anampisha wa barabara kubwa.

Semi ya Usiku
Na zote zikiwa za vumbi, upana mmoja?

Mzee wa Klachi
Mimi hapo humwambia mwanafunzi aichukulie kama stopu. Nani mwenye haki mtabishana mkiwa hai.

Mama Wawili
Leo asubuhi nimesimama mpaka nikasikia ule mrudi. Nikainama mbele nikarudi, mwanangu akaniuliza mama unafanya nini. Tatizo jipya ni kwamba mstari uko nyuma sana, na nikisimama pale ukuta wa jirani unaziba kulia kote.

Mzee wa Klachi
Simama kwanza mstarini, hapo umetimiza. Kisha sogea polepole mpaka pua ifike unapoona, simama tena, ndipo upishe. Ni mara mbili. Na mwombe mtu asimame nje akuonyeshe bampa linapogusa mstari, halafu ukiwa umekaa angalia mstari unaonekana wapi chini ya saitimira. Weka alama hiyo kichwani, maana ukiwa kwenye kiti boneti inakuficha.

Mama Wawili
Mara mbili, na nyuma yangu kuna bodaboda tatu zinapiga honi.

Bint Pangani
Mmoja wao nitakuwa mimi. Samahani mapema.

Fundi Kashasha
Kikombe kilikuwa na kutu kweli. Stopu inawaka.