Brashi na rola: ukuta, mlango wa mninga na geti, zinunuliwe zipi?

MwanaRaskazone
Salaam wakuu. Napaka nyumba yangu hapa Tanga. Ukuta wa nje una plasta ya mchanga ya kukwaruza, wa ndani umeshapigwa skimu. Mlango ni wa mninga, nataka vanishi. Geti ni bati tupu na fremu ya bomba la mraba, nalo linatazama baharini. Muuza duka kanipa brashi moja nyeupe ya inchi 4 na rola moja yenye manyoya marefu, anasema zinamaliza kazi yote. Ni kweli?

Kaka_Chumbageni
Brashi nyeupe ya nywele za asili ndiyo mama wa brashi zote. Chukua hiyo, paka kila kitu. Za nailoni zinaacha michirizi.

FundiRangi_Ngamiani
Kaka Chumbageni, kwa rangi ya mafuta na vanishi nakuunga mkono. Nywele za mnyama zimepasuka nchani, zinashika mafuta vizuri na kuyalaza. Ila ukiichovya kwenye rangi ya maji, zinakunywa maji. Kabla hujamaliza ukuta mmoja brashi imelegea, imefumuka, haichori tena kona. Michirizi unayoilaumu ni ya nailoni ya bei ya chini, ile yenye nyuzi nene zilizokatwa sawasawa kama ufagio. Nzuri ina ncha zilizochongoka.

Mwenye uzi: kwa hiyo brashi ya nyuzi za plastiki ni ya kona za ukuta. Mlango upate yake, inchi 2 au 2 na nusu, laini. Ya inchi 4 kwenye fremu ya mlango itakumwagia vanishi ukutani.

BiSharifa
Samahani jamani, hizo nyeupe si nywele za nguruwe? Mimi haziingii kwangu. Muuzaji ukimuuliza anakwambia ni za farasi.

FundiRangi_Ngamiani
Bi Sharifa, nyingi ni za nguruwe kweli. Chomoa unywele mmoja uuchome kwa kiberiti. Wa mnyama unanuka kama nywele zilizoungua, unabaki majivu yanayosagika. Wa plastiki unayeyuka na kuacha kijidonge kigumu. Kipimo hiki hakikwambii ni mnyama gani, kwa hiyo ukiwa na shaka chukua ya poliesta. Zipo laini zinazopaka hata rangi ya mafuta, na wateja wangu wengi huzitaka hizo.

Kaka_Chumbageni
Bado kwa vanishi haifikii.

FundiRangi_Ngamiani
Kwa ile ya bei nafuu, sikubishii.

Sasa rola. Urefu wa manyoya unafuata ukali wa uso. Plasta yako ya nje ina vishimo, rola fupi inapita juu juu na kuacha vidoa vyeupe. Chukua milimita 18 hadi 20. Skimu ya ndani inataka kama 10. Hiyo ndefu ukiipitisha kwenye skimu, au vibaya zaidi kwenye bati, rangi inakauka na vinundu kama ganda la chungwa.

Geti ndilo la kutulia nalo. Lioshe kwa maji baridi kuondoa chumvi, likauke kabisa, kisha brashi ya waya na msasa penye kutu. Redoksaidi ipake kwa brashi ya inchi 1 na nusu, uisukume ndani ya maungio ya kuchomelea. Rola haifiki mle, na kutu huanzia palepale. Ikikauka, bati pana lipake kwa rola ndogo ya milimita 5, halafu brashi karibu kavu ipite juu juu upande mmoja kuua mapovu. Mabomba yabaki ya brashi.

Mjukuu_wa_Bagamoyo
Na mimi nina nyumba ya bibi, kuta za mawe ya matumbawe, rangi inabanduka kila masika. Ninunue rola ya milimita ngapi?

FundiRangi_Ngamiani
Mjukuu, hapo tatizo si rola. Ukuta ule unanyonya unyevu na rangi ya plastiki inauziba, basi inajitenga. Kwangua, urudishe chokaa. Ipake kwa brashi pana ya katani; chokaa inakula nywele za mnyama.

SelemaniGrili
Mimi huwa napaka redoksaidi kwa rola ya sponji, bati lote, naokoa muda. Sijaona geti likirudi.

FundiRangi_Ngamiani
Bati sawa, maungio je? Na sponji ya bei rahisi ukitumia tina kali inavimba na kumomonyoka ndani ya rangi.

MwanaRaskazone
Shukrani fundi. Brashi nimeirudisha dukani, rola ndefu naibakiza kwa ukuta wa nje. Redoksaidi ikishakauka, bati lipewe mikono mingapi ya rangi kwa huu upepo wa huku?

SelemaniGrili
Miwili inatosha.

FundiRangi_Ngamiani
Bati miwili. Maungio na kingo za chini mimi huongeza wa tatu, kwa brashi ileile ndogo.