Stori isiyoeleweka: izuiwe mlangoni au iingie tu kwenye sprinti?

Nkuhungu: Wakuu, tupo sita hapa Dodoma, tunatengeneza mfumo wa mapato wa halmashauri moja. Sprinti, yaani awamu yetu ya kazi ya wiki mbili, inaisha na zaidi ya nusu ya stori, yale maelezo mafupi ya anachotaka mtumiaji, zimeganda. Testa wetu anataka stori isiingie mpaka itimize masharti ya kuwa tayari. Bosi anasema huo ni urasimu. Mnasemaje?

Mbishi wa Makulu: Nipo na bosi. Mwongozo wa Skramu wa 2020, huu utaratibu wa kazi wa sprinti, haujataja hayo masharti popote, umetaja ya kazi kukamilika tu. Stori ni mwaliko wa kuzungumza. Mkitaka kila kitu kiandikwe ndipo muanze, mmerudi kwenye miradi ya makabrasha.

Dada Ipagala: Mkuu, mwongozo hauna orodha, kweli. Ila unasema kipengele ambacho timu inaweza kukimaliza ndani ya sprinti moja ndicho kinachohesabika kuwa tayari kuchaguliwa. Sasa utajuaje kama kitamalizika wakati hujui kina nini ndani? Nkuhungu, tuwekee stori moja iliyoganda, tusibishane hewani.

Nkuhungu: Hii hapa: "Kama mfanyabiashara wa sokoni, nataka kulipa kodi ya kizimba kwa simu ili nisipange foleni." Tuliipa pointi 5 za ukubwa wa kazi. Developa alianza vizuri, katikati ya wiki akakwama kwenye kontrol namba.

Kijana wa Kisasa: Sisi orodha tunayo na inasaidia sana: programu imepitiwa na mwenzako, majaribio yamepita, imepandishwa kwenye sava. Stori isipotimiza haihesabiwi.

Dada Ipagala: Mdogo wangu, hiyo ni ya kutokea. Hapa tunaongelea ya kuingilia.

Nkuhungu, nimeshafanya kazi na GePG, mfumo wa malipo ya serikali unaotoa kontrol namba, kwa hiyo nabashiri alipokwama. Alidhani ukituma ankara unajibiwa namba papo hapo. Hapana, kwanza unapata jibu kwamba ankara imepokelewa, halafu namba yenyewe inaletwa baadaye kwenye anwani ya mfumo wenu. Kwa hiyo mnahitaji anwani inayofikika kutoka nje, na skrini inayomwambia mfanyabiashara asubiri. Vyote viwili havimo kwenye hiyo sentensi yenu. Kisha ankara inataka tarehe ya mwisho ya namba kutumika, na aina ya malipo: je, mtu aruhusiwe kulipa kidogokidogo? Swali hilo developa hawezi kulijibu, ni la mweka hazina. Na mweka hazina hajibu siku hiyohiyo.

Ndiyo maana mimi sitaki masharti kumi. Nataka mawili. La kwanza, mfano mmoja wenye namba ambao testa na mwenye bidhaa, yule anayeamua mfumo ufanye nini, wanausoma na kuuelewa sawa: mwenye kizimba anadaiwa 60,000, akilipa 20,000 deni libaki 40,000 na alipie namba ileile, tarehe ikipita, namba ikatae. La pili, kila mtu wa nje ya timu ambaye stori inamtegemea awe ameshajibu, au ameshatoa ruhusa ya mazingira ya majaribio. Rangi ya kitufe, majina ya meza kwenye hifadhidata, hayo yajadiliwe ndani ya sprinti.

Ukiandika mfano ule utaona stori yenyewe inagawanyika: kuomba na kuonyesha namba, kupokea taarifa ya malipo, na malipo ya sehemu. Ya tatu ndiyo inayomsubiri mweka hazina. Zile mbili zingeweza kwenda.

Nkuhungu: Ndicho kilichotokea, dada. Tulisubiri jibu la malipo ya sehemu huku kazi nyingine yote imefungwa humohumo.

Mbishi wa Makulu: Hapo kwenye kugawanya nakubali. Lakini hayo ni mazungumzo mazuri ya kupanga, si geti. Ukishaweka geti, watu wataanza kuweka tiki ili stori ipite.

Dada Ipagala: Wanaweka, nimewaona. Dalili ni kwamba stori ina tiki zote, na siku ya pili testa anauliza "kwani kinachotarajiwa hapa ni nini?"

Afisa wa Mtumba: Kwetu mwenye bidhaa ni afisa wa wizara. Aprili mpaka Juni ni Bunge la bajeti, hapatikani kabisa. Tukifuata sharti la pili, sprinti zitakuwa tupu miezi mitatu. Sisi tunaingiza, tunakisia.

Dada Ipagala: Kukisia si dhambi kama kisio limeandikwa na ni rahisi kubadilisha. Malipo ya sehemu yawe mpangilio wa kuwasha na kuzima, msonge mbele. Ila kisio linalogusa hesabu ya deni la mtu, mimi singepitisha. Tengeni nusu siku ya uchunguzi kwenye sprinti hii, stori yenyewe iingie inayofuata.

Afisa wa Mtumba: Na agizo likitoka juu saa kumi jioni kwamba iingie kesho?

Mbishi wa Makulu: Itaingia.

Dada Ipagala: Itaingia, lakini itoke nyingine yenye uzito huo, na bosi ndiye aitaje ipi. Nkuhungu, wako atakubali hilo?

Nkuhungu: Nitamuuliza Jumatatu. Sina hakika.