Nauza ubuyu na visheti Mnazi Mmoja sikukuu hii: naomba mnirekebishie bango, maneno ya kunadi na kibao cha bei

Binti Visheti (mwanzisha uzi)

Assalamu alaikum jamani.

Mimi na mdogo wangu tutakuwa na meza viwanja vya Mnazi Mmoja, Unguja, siku zote nne za Idi, kuanzia alasiri mpaka usiku. Meza ina urefu wa mita 2. Tunauza ubuyu, visheti na kashata, vyote tunapika nyumbani.

Mwaka jana siku ya kwanza tulifunga pakti 240 za ubuyu, tukarudi nyumbani na 150. Kinachoniuma ni kwamba dada wa meza ya tatu kutoka kwetu alimaliza wake kabla ya isha, na ubuyu ule ule alinunua kwetu. Kwa hiyo upishi hauna tatizo. Naona kasoro iko kwenye maneno yetu, ndiyo maana nayaweka hapa yote.

Bango, la mita 2 kwa mita 1, tulilifunga mbele ya meza:
*KARIBUNI MJIPATIE BIDHAA BORA ZA ASILI ZILIZOTENGENEZWA KWA USTADI. UBUYU WETU NI DAWA YA PRESHA NA UNAONGEZA DAMU. IDI MUBARAK.*

Maneno ya kunadi, mdogo wangu ndiye anayesema:
*"Assalamu alaikum ndugu wateja, karibuni katika meza yetu mjipatie bidhaa mbalimbali za kiasili kwa bei nafuu kabisa..."*

Kibao cha bei:
*Ubuyu mdogo 350. Ubuyu mkubwa 800. Visheti robo kilo 1,700. Kashata 200, tano 1,000. Bei zinaweza kubadilika.*

Naomba mnisahihishe bila kunionea haya.

---

Machinga wa Msimbazi

Dada, mimi nauza nguo za watoto Kariakoo ya Dar, na msimu wa Krismasi ndio shamba langu. Nunua spika ndogo ya kurekodi, irekodi mara moja, iache izunguke: "Jero jero jero, ubuyu jero!" Mimi nakaa kimya nahudumia, spika inafanya kazi. Na kibao cha bei toa kabisa. Ukiandika bei unamfukuza mtu kabla hujaongea naye. Mwache aulize, mkipatana ameshakuwa mteja.

---

Fundi Mabango

Nimechora na kuchapisha mabango miaka mingi, nianze na la kwako.

Maneno yako yamefika ishirini. Kwenye kitambaa cha mita 2, herufi zako zilikuwa na kimo cha sentimita 6 au 7 tu, tena zimebanana. Sisi tunapima hivi: kila mita 3 za umbali zinataka herufi ya sentimita 2 na nusu kwenda juu ili mtu asome bila kukaza macho. Herufi yako basi inasomeka vizuri mita 8 hivi, na siku ya sikukuu hakuna mtu anayekuona akiwa mita 8, kwa sababu katikati pamejaa watu.

Halafu ulilifunga mbele ya meza. Mteja wa kwanza akisimama kalifunika, wa pili kalimaliza. Meza ikipata watu bango linapotea, na huo ndio wakati unalihitaji zaidi. Simamisha miti miwili nyuma yako, ukingo wa chini wa bango uwe juu ya kichwa cha mtu mrefu, kama mita 2 kutoka ardhini.

Maneno yenyewe, bei naiweka ya mfano:

UBUYU 500
visheti na kashata

Basi. Mstari wa juu utakupa herufi za kimo cha sentimita 30 hivi, zinasomeka mita 30 na zaidi. Wa chini nusu yake. Bei ichapishwe kwenye kipande chake, ukibandike, maana bei hugeuka na bango utalitaka tena. Kwa sababu hiyo hiyo "Idi Mubarak" iandike kwenye kitambaa kidogo pembeni. Bango lisilotaja siku utalitumia Idi ya mfunguo tatu na hata siku ya Mapinduzi.

Na taa. Jua likizama, taa iliyowekwa nyuma ya bango inalifanya kuwa kivuli tu. Iweke mbele na juu, imulike maandishi. Herufi nyeupe juu ya rangi ya damu ya mzee husomeka usiku. Njano juu ya nyeupe usiikubali hata mchapishaji akikushawishi.

---

Mama Pakacha

Binti yangu, mimi nimeuza viwanja hivyo hivyo tangu watoto wangu wadogo, sasa wana watoto wao. Nakuomba ufute hayo ya presha na damu. Ubuyu wako umeviringishwa kwenye sukari na rangi, mgonjwa wa presha akikuamini unamdhuru. Mabwana afya nao hupita kwenye meza za vyakula, na wakikuta umeandika dawa utaulizwa.

Huyu kijana wa Dar amesema kweli kuhusu kurudia neno moja. Hayo mengine hayafai Mnazi Mmoja. Mteja wako mkubwa ni mtoto wa miaka minane ameshika pesa zake za sikukuu. Mtoto hapatani bei. Anaona aibu kuuliza, akishaona hakuna bei anakwenda kwa aliyeandika. Spika nayo iache, hospitali iko jirani, na maghribi adhana ikianza utakimbizana na kitufe. Na "jero" kwetu bibi aliyeleta wajukuu hatakuitikia. Sema mia tano.

Sasa kibao chako, hapo ndipo ulipopotezea pakti zako. Mtoto anakuja na mia tano mkononi. Ubuyu 350. Unatakiwa umrudishie 150, sarafu ya mia na ya hamsini. Watoto hamsini wa kwanza wanamaliza sarafu zako zote, wa hamsini na moja unamwambia "ngoja chenji", naye hangoji. Kumbuka mwaka jana, hukusimama kutafuta chenji?

---

Binti Visheti

Mama, nilisimama sana. Mdogo wangu alikuwa anakwenda kuomba sarafu kwa muuza juisi, meza nabaki nayo peke yangu.

---

Mama Pakacha

Basi usipunguze wala usiongeze bei ya gramu, badili uzito. Pakti ya 350 ina gramu ngapi?

---

Binti Visheti

Ndogo gramu 35, kubwa gramu 80.

---

Mama Pakacha

Gramu 35 kwa 350 ni shilingi kumi kila gramu. Weka gramu 50, uza 500. Faida yako kwa kila gramu iko pale pale, na mtoto anakupa sarafu moja anakwenda zake. Kubwa weka gramu 110, uza 1,000, ili anayenunua kubwa aone kapata nyongeza. Visheti robo kilo kwa 1,700 ni karibu shilingi saba gramu, kwa hiyo funga gramu 150 kwa 1,000. Kila kitu kiwe mia tano au elfu, na hapo hutahitaji mfuko wa sarafu.

Kashata umeandika moja 200, tano 1,000. Hesabu mwenyewe: tano mara mia mbili ni elfu. Hujampunguzia mtu kitu. Andika tatu kwa 500.

---

Mtu wa Tibirinzi

Na mimi nilikuwa na meza Tibirinzi, Chake, Idi iliyopita. Ubuyu wangu ulitoa maji wote, pakti zikashikana. Naomba unieleze unapika sukari mpaka ifike wapi? Na unaongeza pilipili kabla au baada ya rangi?

---

Binti Visheti

Kaka yangu, sukari naipika mpaka tone likidondoshwa kwenye maji baridi lishikane kama uzi mgumu. Halafu ubuyu naupoza usiku kucha kabla ya kufunga. Ukifungwa na joto unatoa jasho ndani ya mfuko. Pilipili naweka pamoja na iliki, mwisho.

Mama, kashata moja inanigharimu 120. Nikiuza tatu kwa 500 nabaki na 140. Nikiziuza moja moja, tatu zinanipa 240. Sioni kama inanifaa.

---

Machinga wa Msimbazi

Nimekubali la spika, sikujua kuna hospitali. Kwenye kashata nipo na wewe dada, usipunguze. Mtu anayekula kashata moja anakula moja tu.

---

Mama Pakacha

Si kweli, mama akija na watoto watatu hachukui moja. Lakini sitakulazimisha. Jaribu siku ya kwanza tatu kwa 500, siku ya pili 200 moja moja, uhesabu zilizouzwa.

---

Fundi Mabango

Nimwongezee la kunadi. Mtu anayetembea anapita mbele ya meza ya mita 2 kwa hatua tatu au nne. Salamu yako ndefu inamalizika akiwa keshafika kwa muuza puto. Sema kitu, bei, na jambo la kufanya:

*"Ubuyu wa iliki! Mia tano! Njoo uonje!"*

Kisha nyamaza, vuta pumzi, mtazame mtu mmoja, useme tena. Ukinadi mfululizo sauti yako inageuka kelele kama nyingine.

---

Mama Pakacha

Na akishasimama usiendelee kunadi, ongea naye. Mzazi atakuuliza jambo moja kabla ya yote: una pilipili? Mwambie kabla hajauliza, huku umeshika kijiko: "Huu mtamu, mtoto anakula. Huu mkali." Ubuyu wa kuonja uwe kwenye bakuli lenye kifuniko, wewe ndiye unayechota. Usiwaache waingize mikono.

Hilo la pilipili na la karanga yaandike pia kwenye kibao. Wako watoto karanga zinawadhuru.

---

Binti Visheti

Nimekaa na mdogo wangu jana usiku, tumeandika upya. Kibao kimoja kwa kila bakuli, tumeacha kile kikubwa kimoja:

*UBUYU MTAMU, hauna pilipili. 500. Mkubwa 1,000.*
*UBUYU MKALI. 500. Mkubwa 1,000.*
*VISHETI. 1,000.*
*KASHATA YA NAZI. 3 kwa 500.*
*KASHATA YA KARANGA. 3 kwa 500.*

"Bei zinaweza kubadilika" tumeifuta.

---

Mama Pakacha

Vizuri. Vifunike na nailoni, mvua za masika zimekaribia na wino utachuruzika. Turubai pia.

---

Binti Visheti (baada ya Idi mosi)

Nimerudi sasa hivi, saa nne usiku. Tulipeleka pakti ndogo 160 na kubwa 40. Ndogo zimebaki 11, kubwa zimebaki 17. Kutafuta chenji nimekwenda mara moja tu, kwa mtu mzima aliyenipa elfu kumi. Watoto wengi walikuja wakisema wenyewe, "wa mia tano, usiokuwa na pilipili", maana yake walisoma kabla ya kufika. Bango lilikaa juu, ila mti mmoja uliinama na upepo wa bahari, kesho tunaufunga kwenye mguu wa meza.

Visheti havikwenda, nusu imerudi. Sijui kama ni kwa sababu kila nyumba ina vyake siku ya Idi au ni maandishi madogo.

Kashata kwa tatu tatu tumeuza 96, faida 4,480. Kesho tunaandika 200 moja, nitaleta hesabu hapa.

---

Machinga wa Msimbazi

Ili ulingane na 4,480 kwa faida ya 80 kila moja, kesho unahitaji kuuza 56 tu. Nasubiri.