Mrejesho: karo ya Januari imelipwa

Niliuliza hivi: "Karo ya kijana wangu wa bweni ni shilingi 40,000 kwa mwaka. Nikigawa kwa 12 naweka 3,400 kila mwezi, lakini Januari bado nakopa. Nakosea wapi?"

Jamani, asanteni. Yule dada aliyeniambia nitazame barua ya shule alinifungua macho. Karo haiji kwa mafungu sawa: muhula wa kwanza ni nusu, wa pili asilimia 30, wa tatu 20. Yaani 20,000, kisha 12,000, kisha 8,000. Mimi kutoka Septemba hadi Desemba nilikuwa nakusanya 13,600 tu, na pengo la 6,400 ndilo lililonipeleka kwa mkopeshaji.

Sasa naweka 5,000 kwa miezi hiyo minne, 3,000 kuanzia Januari hadi Aprili, na 2,000 Mei hadi Agosti. Septemba ilikuwa ngumu, sikatai. Tulikula sukuma wiki mpaka mke wangu akacheka.

Pesa niliifunga kwenye simu nisiiguse. Hapo nusura niharibu: nilichagua miezi minne kuanzia tarehe 15 Septemba, kumbe ingefunguka shule zishafunguliwa. Nikaomba kuivunja mapema, nikasubiri siku mbili na kupoteza riba kidogo. Mwaka huu nitaifunga iishe mwanzoni mwa Desemba.

Godoro na sare sikuvihesabu. Hivyo vilitoka kwa mbuzi mmoja.