MREJESHO: ile y = x⁴ − 4x³ iliyonigomea

Swali langu lilikuwa: "Natafuta maksimamu na minimamu, nikiweka y′ = 0 nimepata x = 0 na x = 3, derivativu ya pili kwenye 0 inatoa sifuri, je hiyo ni maksimamu?"

Wakuu nimerudi, jibu ni hapana. Ya x = 3 ilikuwa poa, y″ = 12x² − 24x, ukiweka 3 unapata 36, ni chanya kwa hiyo minimamu, na y yake ni −27 (nilirudisha 3 kwenye y yenyewe, mwanzo niliiweka kwenye y′ nikashangaa mbona sifuri, aibu hii).

Sasa kwenye 0 mimi nilijiambia moja ni minimamu basi nyingine lazima maksimamu, kumbe y″ ikitoa sifuri haijasema kitu, inabidi urudi kwa y′ = 4x²(x − 3) ujaribu pande zote mbili. Kwenye −1 nimepata −16, kwenye 1 nimepata −8, zote hasi, yaani grafu inashuka, inatulia kidogo pale (0, 0), halafu inaendelea kushuka. Ni pointi ya infleksheni. Ingekuwa maksimamu y′ ingetoka chanya kwenda hasi.